Kivuko Kilipokatika: Kusoma Mstari Mmoja wa ECG

Slaidi ninayoipenda kuliko zote darasani ina mstari mmoja tu. Ni kipande cha karatasi ya waridi yenye miraba, urefu wake sentimita 25, kilichopigwa picha na kukuzwa hadi kikajaa ukutani. Pembeni kushoto pameandikwa II, na chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo wanafunzi wengi huzipita bila kuzitazama, pameandikwa 25 mm/s na 10 mm/mV. Mstari unaanzia kushoto na kwenda kulia, una vilima vidogo na miiba sita mipana. Mwenye moyo huo ni mama wa miaka 71 aliyeanguka ghafla akiwa anachambua mchele barazani kwake, akazinduka baada ya muda mfupi, na akaletwa hospitali akisema hana tatizo lolote isipokuwa uchovu.

Nawapa wanafunzi dakika tano. Mwaka jana mmoja wao, kijana makini aliyekuwa amesoma kabla ya kuja, alinyanyua mkono kabla hata dakika mbili hazijaisha. “Dokta, hii ni Wenckebach. Kila mwiba una kilima mbele yake, na umbali kati yao unaongezeka kidogo kidogo.” Alikuwa amepima vizuri. Vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi, na jibu halikuwa sahihi. Ili kuona alipopotea, inabidi kwanza tuifuate njia ambayo umeme hupita ndani ya moyo, kwa sababu kila alama kwenye karatasi ile ni kituo kimoja cha safari hiyo.

Tuanze na karatasi. Maandishi 25 mm/s maana yake karatasi hutembea milimita 25 kwa kila sekunde. Mraba mdogo una upana wa milimita moja, kwa hiyo ni sekunde 0.04. Mraba mkubwa una midogo mitano, yaani sekunde 0.2. Kwenda juu tunapima nguvu ya umeme: milimita 10 ni milivolti moja. Mtu akiigusa mashine bila kujua, kasi ikawa 50 mm/s, kila kitu kitaonekana kimevutwa mara mbili na moyo mzima wa kawaida utasomeka kama mgonjwa. Ndiyo maana herufi zile ndogo za chini zinasomwa kwanza, kabla ya mstari wenyewe.

Halafu ile II. Elektrodi zinabandikwa mikononi na miguuni, na mashine hulinganisha sehemu mbili za mwili kwa wakati mmoja. Kila ulinganisho tunauita lidi, na ni kama mahali pa kusimama kuutazama moyo. Katika lidi ya II, upande hasi ni mkono wa kulia na upande chanya ni mguu wa kushoto. Msomaji amesimama chini kushoto, anatazama juu kulia. Sheria ni moja tu: wimbi la kuamsha msuli likija kumwelekea, kalamu inapanda, likimpa mgongo, kalamu inashuka, likipita ubavuni, kalamu inatikisika kidogo au haionyeshi kitu. Kwa bahati nzuri, umeme wa moyo husafiri zaidi kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, na ndiyo sababu lidi ya II ndiyo inayochaguliwa mara nyingi kwa mstari mrefu wa kusomea mwendo wa moyo.

Herufi za mawimbi alizitoa Willem Einthoven, daktari wa Uholanzi aliyefanya kazi Leiden. Mwaka 1895 alikuwa akirekebisha kwa hesabu michoro ya chombo cha zamani kilichokuwa kizito kufuata mabadiliko ya haraka. Mchoro wa chombo aliuwekea A, B, C na D, na ule aliousahihisha akaupa P, Q, R, S na T ili isichanganywe. Baadaye akaunda chombo chake mwenyewe chenye uzi mwembamba wa kioo cha kwazi kati ya sumaku, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi, ndizo zilizokuwa elektrodi. Chombo kile kilipata mchoro halisi bila hesabu ya kurekebisha, ila herufi zimebaki. Nobeli alipewa mwaka 1924.

Sasa safari. Inaanzia juu kabisa ya chumba cha juu cha kulia, karibu na pale mshipa mkubwa unaporudisha damu kutoka kichwani na mikononi. Hapo pana kishikizo cha chembe ziitwazo nodi ya SA, ambazo hazisubiri amri ya mtu: zinajiwasha zenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Nodi hiyo ni ndogo mno, na mwako wake hauonekani kwenye karatasi. Tunachokiona ni matokeo yake, pale umeme unapotapakaa katika kuta za vyumba viwili vya juu, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Kilima hicho ndicho P. Ni kifupi, kwa kawaida hakizidi milimita mbili na nusu, kwa kuwa kuta za vyumba vya juu ni nyembamba, na msuli mdogo hutoa umeme mdogo. Kinapanda katika lidi ya II kwa sababu umeme unamjia msomaji wetu.

Umeme ukishafika mwisho wa vyumba vya juu, unakuta umezuiwa. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna pete ngumu za nyuzi zinazoshikilia vali, na pete hizo hazipitishi umeme kabisa. Ni kama mkondo wa bahari kati ya ng’ambo mbili. Katika moyo wa kawaida kivuko ni kimoja tu, na kinaitwa nodi ya AV. Aliyekieleza kwa ukamilifu ni Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya utafiti Marburg, Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1906. Alikata mioyo vipande vyembamba kimoja baada ya kingine na kuifuata njia kwa darubini, kutoka kwenye nodi hiyo hadi matawi ya mwisho kabisa.

Kivuko hiki ni cha polepole. Katika nodi ya AV umeme hutambaa kwa takriban sentimita tano kwa sekunde, wakati kwenye nyuzi za chini utakimbia mita mbili hadi nne kwa muda uleule. Ucheleweshaji huo una kazi yake. Vyumba vya juu vinahitaji muda wa kumaliza kusukuma damu chini kabla vyumba vya chini havijaanza kubana. Kwenye karatasi unaonekana kama mstari tambarare baada ya P, na wanafunzi wengi hudhani pale hakuna kinachoendelea. Kinaendelea sana, ila chembe zinazopitisha umeme ni chache mno kiasi kwamba elektrodi iliyo juu ya ngozi haizisikii. Kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa mwiba unaofuata tunauita muda wa PR, na kwa mtu mzima unatakiwa kuwa miraba midogo mitatu hadi mitano, yaani sekunde 0.12 hadi 0.20. Mimi huuona kuwa ndio umbali wenye habari nyingi kuliko wote katika mstari, kwa sababu ndio unaotuambia kivuko kinafanya kazi au la.

Baada ya kivuko, umeme unaingia katika fungu la His, unagawanyika tawi la kulia na la kushoto, kisha unasambaa katika nyuzi za Purkinje zinazotandazwa ndani ya kuta za vyumba vya chini. Njia hii ni barabara ya lami. Karibu msuli wote wa vyumba vya chini unaamshwa ndani ya chini ya sekunde 0.12, ingawa ni msuli mwingi mara nyingi kuliko ule wa juu. Ndiyo maana mwiba wa QRS ni mrefu na mwembamba kwa pamoja: mrefu kwa sababu msuli ni mwingi, mwembamba kwa sababu habari imefika kila mahali karibu kwa wakati mmoja. Ukuta wa kati huanza kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, na hilo linaweza kuacha mchubuko mdogo wa kushuka, Q. Kisha sehemu kubwa ya vyumba vya chini, hasa cha kushoto chenye ukuta mnene, inaamka kuelekea kwa msomaji, tunapata R ndefu. Mwisho umeme unapanda kumalizia sehemu za juu za vyumba hivyo, ukimpa msomaji mgongo, nayo ni S. Si kila mwiba una sehemu zote tatu, na jina QRS linatumika hata pale R iko peke yake.

T ndiyo inayowasumbua wanafunzi wanaofikiri, na nawapenda kwa kusumbuka. Kama kuamka kwa msuli kunapandisha kalamu, basi msuli unapojirudisha katika hali ya kupumzika, kalamu ingepaswa kushuka. Mbona T kwa mtu mzima wa afya inapanda katika lidi ya II? Jibu liko katika mpangilio. Kuamka huanzia ndani ya ukuta wa moyo, zilipo nyuzi za Purkinje, na kwenda nje. Kupumzika huanzia nje, kwa sababu chembe za nje zinamaliza kazi mapema, na kurudi ndani. Umeme wa kupumzika ni kinyume cha ule wa kuamka, na njia yake nayo ni kinyume. Kinyume cha kinyume kinarudi palepale, na kalamu inapanda. Vyumba vya juu navyo hupumzika, lakini hupumzika wakati mwiba wa QRS unapita, na mlio wao mdogo unamezwa.

Jambo moja la kushika hapa, maana litaokoa mtu siku moja: vyote hivi ni umeme. Mkazo wa msuli hufuata baada ya umeme, na mapigo unayoyagusa kwenye kifundo cha mkono huja baadaye zaidi. Karatasi inaweza kuonyesha miiba mizuri huku mgonjwa hana mapigo kabisa. Kwa hiyo mkono uwe shingoni kwa mgonjwa kabla macho hayajaganda kwenye mashine.

Turudi kwa mama wa miaka 71. Yule kijana alipima miiba kwanza, kama inavyotakiwa. Kutoka mwanzo wa mwiba mmoja hadi mwanzo wa mwingine ni milimita 43, na ni hivyohivyo kila mara. Ukigawanya 1,500, ambayo ni idadi ya miraba midogo katika dakika moja, kwa 43, unapata kama 35. Moyo unapiga mara 35 kwa dakika. Njia nyingine ya haraka inakubaliana: sentimita 25 ni sekunde 10, kuna miiba sita, sita mara sita ni 36.

Kisha akapima upana wa mwiba: miraba midogo minne, sekunde 0.16. Ni mpana. Akauandika, lakini hakuuliza kwa nini. Halafu akapima umbali kutoka kwenye P inayoonekana mbele ya kila mwiba. Mwiba wa kwanza una P milimita 9 mbele yake. Wa pili 12. Wa tatu 15. Wa nne 18. Umbali unaongezeka, na kitabu alichosoma kinasema PR ikirefuka pigo kwa pigo ni Wenckebach, yaani kivuko kinachochoka hadi kinamwacha abiria mmoja ng’ambo, kinapumzika, kisha kinaanza upya. Mholanzi Karel Wenckebach aliutambua mwendo huo mwaka 1899 kwa kuchunguza mapigo ya mshipa, kabla ya mashine za ECG kuingia hospitalini.

Nilimwomba aendelee hadi mwiba wa tano. Umbali kutoka kwenye P aliyoiona: milimita 21, yaani sekunde 0.84. Akasita. Kivuko kinachochoka kiasi hicho kingekuwa kimeshamwacha abiria muda mrefu. Katika Wenckebach ya kawaida, baada ya mapigo machache, P moja inabaki bila mwiba, na hapo ndipo unapopata pengo. Tena, katika Wenckebach ya kawaida nodi huchoka kwa kurukaruka: ongezeko la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, linalofuata ni dogo, kwa hiyo miiba hukaribiana kabla ya pengo. Hapa ongezeko ni milimita 3, tena 3, tena 3, tena 3, kama limekatwa kwa mkasi.

“Hizo 3 zinatoka wapi?” nikamuuliza.

Alikaa kimya, akatazama vipimo vyake. Miiba iko milimita 43 mbalimbali. P alizoziona ziko milimita 40 mbalimbali. Arobaini na tatu toa arobaini. Hapakuwa na nodi inayochoka; palikuwa na saa mbili, kila moja inatembea kwa mwendo wake, na moja inaiacha nyingine milimita 3 kila mzunguko.

Lakini bado hajafika. Ukitazama kati ya mwiba wa tano na wa sita, utaona P mbili wazi, na umbali kati yao ni milimita 20, si 40. Hapo ndipo darasa zima lilipoanza kusogeza viti. Kama vyumba vya juu vinaweza kupiga kila milimita 20 mwishoni mwa mstari, je, vilikuwa vikifanya nini mwanzoni?

Kifaa cha kujibu swali hilo ni kipande cha karatasi. Unaweka ukingo wake chini ya mstari, unatia alama mbili kwa penseli chini ya P zile mbili zilizo wazi, kisha unaisogeza karatasi hatua kwa hatua kurudi nyuma, alama ya pili ikikaa mahali pa ya kwanza. Kila inapoangukia alama, unasimama na kutazama kwa makini. Tulifanya hivyo ukutani kwa ukingo wa gazeti.

Alama moja iliangukia mwanzo wa mwiba wa tano, na pale, ukisogea karibu, mwiba una kijimguu mbele ambacho miiba mingine haina. Nyingine ilizama ndani ya mwiba wa nne, ambako hakuna macho yanayoweza kuitenga. Nyingine ilikaa mara baada ya mwiba wa tatu, na kumbe kuna kijinundu pale. Nyingine ikaangukia kwenye T ya mwiba wa pili. T zote katika mstari huu zimeelekea chini, kama ilivyo kawaida miiba inapokuwa mipana na imeelekea juu, lakini T ile ya pili ni fupi kuliko wenzake, kwa sababu P imeketi ndani yake na kuijaza. Ya mwisho ikatua kwenye mkia wa T ya kwanza, penye kichuguu ambacho kila mtu alikuwa amekidharau. T za moyo mmoja katika lidi moja zinatakiwa kufanana. Moja ikiwa tofauti na wenzake, mwulize imemeza nini.

Kwa hiyo P ni nyingi kuliko zilivyoonekana: moja kila milimita 20, mraba mkubwa mara nne, 300 gawanya kwa 4, yaani 75 kwa dakika. Nodi ya SA ya mama huyu haina ugonjwa wowote unaoonekana hapa. Vyumba vya juu vinapiga 75 bila kukosea, vya chini 35 bila kukosea, na hakuna uhusiano kati yao. Ukipima PR upya kutoka kwenye P iliyo karibu zaidi unapata 9, 12, 15, 18, kisha 1, kisha 4. Tazama ile ya mwisho: milimita 4, sekunde 0.16, PR nzuri kabisa. Mtu angepewa pigo la sita peke yake angeandika kwamba kivuko ni kizima. Na ile milimita 1 ni sekunde 0.04, muda ambao umeme hauwezi kuvuka nodi ya AV hata ukitaka. Ule mwiba haukuitikia P ile. Zimekutana tu njiani.

Jina lake ni kizuizi kamili cha moyo. Kivuko kimekatika, na ng’ambo ya pili imejianzishia mambo yake. Kila sehemu ya njia ya umeme inaweza kujiwasha ikiona hakuna amri kutoka juu, ila kwa mwendo wa polepole zaidi kadiri unavyoshuka: jirani na nodi ya AV ni mara 40 hadi 60 kwa dakika, na katika vyumba vya chini vyenyewe 20 hadi 40. Mama ana 35, na miiba yake ni mipana. Mambo hayo mawili yanasema kitu kimoja. Mwako unaanzia chini, nje ya barabara ya lami, na umeme unalazimika kupita kutoka msuli hadi msuli kama mtu anayekata shamba kwa shamba. Unachelewa kufika pande zote, na mwiba unapanuka. Hili ndilo swali ambalo yule kijana alilipita mwanzoni. Upana wa miraba minne ulikuwa ukimwambia tangu mapema kwamba miiba hii haikutoka juu kwa njia ya kawaida. Mtu mwenye tawi moja la fungu la His lililoziba naye huwa na miiba mipana, kwa hiyo upana peke yake hautoshi. Ukiunganishwa na P zisizo na uhusiano na miiba, hauachi shaka.

Baada ya kusoma karatasi, mtu aende kitandani kwa mgonjwa, kwa kuwa mstari huu una alama yake mwilini. Tulipomtazama mama yule shingoni akiwa ameegemezwa mito, mshipa mkubwa wa shingo ulikuwa unaruka kwa nguvu mara moja moja, bila mpangilio. Kila kuruka kulikuwa ni P mojawapo iliyoangukia wakati vyumba vya chini vimebana na vali zimefungwa, kama ile iliyokuwa mara baada ya mwiba wa tatu. Vyumba vya juu vilisukuma damu kwenye mlango uliofungwa, nayo ikarudi juu shingoni. Ukishaiona mara moja, ukawa umeshika karatasi mkononi, hutaisahau.

Kisha maswali. Anatumia dawa gani? Atenololi, verapamili na digoksini zote zinaweza kukibana kivuko, na mgonjwa wa presha au wa moyo huwa na mojawapo mfukoni. Potasiamu yake ikoje? Kifua kilimuuma kabla ya kuanguka, isije ikawa shambulio la moyo upande wa chini? Kwa mama huyu majibu yote yalikuwa hapana, na potasiamu ilikuwa ya kawaida. Alichomwa atropini, na mapigo ya vyumba vya juu yakaongezeka huku vya chini vikibaki 35. Hiyo nayo ilikuwa habari: atropini huilegeza nodi, na pale kizuizi kilipo chini ya nodi au miiba ikiwa mipana, mara nyingi haisaidii. Hapo haifai kupoteza muda kwa kuirudia rudia. Mwako wa chini anaoutegemea mgonjwa hauna uhakika. Unaweza kusimama sekunde kadhaa, na ndivyo ilivyotokea barazani. Mtu kama huyu anawekwa kwenye mashine ya kufuatilia moyo, pedi za kuusisimua moyo kupitia kifuani ziwe tayari, dripu ya adrenalini iandaliwe, na simu ipigwe mahali panapowekwa betri ya moyo. Kwa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam ni mojawapo.

Slaidi yangu ya pili ni ya mama huyohuyo, wiki moja baadaye, lidi ileile, kasi ileile. Naiweka ukutani bila kusema neno. Kila baada ya milimita 20 kuna P. Milimita 4 baada ya kila P kuna kijistari chembamba kilichosimama wima kama sindano, na palepale baada yake mwiba mpana wenye T inayoelekea chini. Miiba sasa ni kumi na mbili. Betri ina waya mmoja katika chumba cha juu cha kulia unaosikiliza P, na mwingine katika chumba cha chini cha kulia. Ikisikia P, inasubiri sekunde 0.16, kisha inachoma. Mwaka jana yule kijana ndiye aliyesimama tena, safari hii akakaa karibu dakika nne nzima na kipande chake cha karatasi kabla ya kufungua mdomo.

“Dokta, umeme unavuka kwa waya,” akasema. “Ila miiba bado ni mipana kwa sababu unashukia kwenye msuli wa chumba cha kulia, haupiti barabara ya lami.”

Nikamuuliza kama T zote zinafanana. Akarudi ukutani, akazipitia moja moja kwa kidole, zote kumi na mbili.